Lishe iliyomfaa Mama nusura imuue mpwa wangu

Nyumbani kwetu Tanga kuna mashine moja ya kupimia sukari na watu wawili wanaoitumia: Mama, aliyevuka miaka sitini, na mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye alikuwa na miaka 11 wakati wa haya ninayoyaeleza. Mashine ni moja, lakini kila mmoja ana kisindano chake cha kutoboa kidole. Hilo lilikuwa sharti la Sista wa kliniki, kwa sababu tone la damu likibaki kwenye ncha linaweza kubeba homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Kisukari chenyewe hakibebwi na damu, wala mate, wala kikombe. Ila mtaani watu wakiona visindano viwili wanajumlisha wanavyotaka. Jirani mmoja aliwakataza watoto wake kunywea kikombe kimoja na mpwa wangu, na alipoulizwa alikuwa na hoja kabisa: bibi aliugua kwanza, mjukuu akahamia pale kwa ajili ya shule, mwaka haujaisha naye anaumwa. Kama si kuambukizana, ni nini?

Sikumkasirikia sana, maana hata ndani ya ukoo wetu wapo waliowaza vivyo hivyo kimyakimya. Jibu ni kwamba chini ya paa letu kulikuwa na magonjwa mawili yanayopandisha kitu kimoja, sukari katika damu, kila moja kwa njia yake.

Mama ana aina ya pili. Kongosho lake bado linatoa insulini, lakini mwili umekuwa mgumu kuisikia, hasa ini. Ini ndilo ghala la sukari la mwili, na kwa kawaida insulini ndiyo inayoliamuru lipunguze kuitoa. Ini likijaa mafuta linapuuza amri hiyo na kuendelea kumwaga sukari usiku kucha, hata aliyelala hajala. Ndiyo maana Mama alikuwa akiamka na sukari 14 kabla hata ya kunywa chai, wakati 7 tu ya asubuhi kabla ya kula inatosha daktari kushuku kisukari. Aina hii hufuata damu ya ukoo, na ukoo hupika chungu kimoja, kwa hiyo mtu akiona mama, dada na mjomba wote wanayo, ni rahisi kudhani wameambukizana.

Mpwa wangu ana aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake ilizigeuka chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Hakuna aliyemwambukiza, na bibi yake kuwa na aina ya pili si sababu ya yeye kupata aina ya kwanza. Dada yangu alisimangwa sana kuhusu pipi na soda. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito, na soda aliiona sikukuu kwa sikukuu. Alianza kwa kurudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, akawa anamaliza jagi zima la maji usiku, suruali za shule zikamlegea. Kwanza alitibiwa malaria.

Nianze na Mama, kwa sababu mafanikio yake ndiyo yaliyoleta balaa.

Mama aliacha sukari kwenye chai miaka mingi kabla ya kupimwa, kwa hiyo alipoambiwa ana kisukari alihisi ameonewa. Aliendelea kuniambia, "Mwanangu, mimi sukari naiona dukani tu." Ilikuwa kweli. Lakini mchana alikula ugali wa kushiba, na jioni wali wa nazi au mihogo. Sista alimfanyia hesabu mbele yangu, na tangu siku hiyo naitumia kwa kila anayeniambia ugonjwa huu ni wa wapenda peremende. Robo kilo ya unga wa mahindi hutoa ugali wa watu wawili wenye njaa. Ndani yake mna wanga wa karibu gramu 190, kila mmoja anapata gramu 95. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Wanga ukishasagwa tumboni huishia kuwa glukosi, yaani mtu aliyemaliza sahani yake ameingiza mwilini kiasi kinachozidi vijiko 20 vya sukari, bila kuonja utamu wowote. Haina maana kwamba ugali ndio uliomletea ugonjwa. Urithi, umri, kitambi na kukaa kitako siku nzima vilichangia. Soda na sharubati za kila siku nazo humsogeza mtu kwenye aina hii ya pili, sehemu fulani kwa kumnenepesha. Ila kumwambia mtu "acha sukari tu" na kumwachia mlima wa ugali ni kumdanganya.

Basi Mama akahamia unga wa dona, kisha mtama, kwa kuwa alisikia unga huo hauna sukari. Tulipima saa mbili baada ya kula. Ugali wa sembe ulimfikisha 13 na ushei, na wa dona, donge lilelile, 12 na ushei. Dona lina makapi yake, linashibisha na kusafirisha choo, ni unga mzuri, lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe, na mtama vilevile. Kilichoshusha namba kweli kilikuwa ukubwa wa donge. Donge la ngumi moja, mchicha nusu sahani, dagaa wa kutosha: mashine ikasoma chini ya 9. Mama aliiangalia ile namba kwa muda, kisha akasema donge lenyewe ni la kulisha paka. Lakini aliendelea nalo.

Wakati huo mke wa mjomba akamwingiza kwenye kundi la wasapu la mtu anayejiita mwalimu wa lishe. Masharti yake yalikuwa haya: ugali, wali, mihogo, chapati na maandazi marufuku, mayai, samaki, supu, parachichi, bamia na mboga za majani ruksa, asubuhi maji ya bamia zilizolowekwa usiku, na juu ya yote, pakiti ya unga wa mitishamba kwa shilingi 85,000. Aliahidi kisukari kuondoka "na mizizi yake". Asali iliruhusiwa kwa sababu ni ya asili. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na mashine haijui kwamba imetoka kwa nyuki.

Mama alifuata. Na lazima niseme ukweli: ilimfaa. Alikuwa na kilo 86, akashuka hadi 75. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kilitoka asilimia 9.4 kikafika 6.2. Daktari alimpunguzia vidonge vyake vya sukari, metformini, na baadaye akamsimamishia kabisa huku akimfuatilia. Unga wa pakiti ulimshinda kwa uchungu mapema tu, akauacha, na uzito ukaendelea kushuka kama kawaida, kwa hiyo najua kilichofanya kazi ni kipi. Nyumba nzima tulishangilia. Mwalimu alimwomba picha.

Haya si miujiza. Kuna utafiti uliofanyika Uingereza, unaoitwa DiRECT, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2017. Watu wenye aina ya pili, waliougua kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini, walipewa chakula cha takriban kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, dawa zao za kisukari zikisimamishwa chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifanikiwa. Mafuta yakitoka kwenye ini na kongosho, ini hurudi kusikia amri na kongosho hupumua. Lakini mwaka wa pili waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36, kwa sababu uzito hurudi, na ukirudi, sukari nayo inarudi. Madaktari wanahesabu kwamba ugonjwa umetulia pale HbA1c inapokuwa chini ya 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, na hata hapo mtu anaendelea kupimwa macho, miguu na figo. Mwalimu wa wasapu hakuwa na habari ya mwaka wa pili. Kwake Mama alikuwa amepona, tena ni ushuhuda namba fulani.

Likizo ikafika, na mpwa wangu akaenda kwa shangazi yake Korogwe.

Shangazi huyo anampenda mtoto kuliko macho yake. Hakupenda kumwona akichomwa sindano asubuhi na jioni, na alikuwa ameaminishwa kwamba insulini ni dawa ya mwisho, ukishaianza huachi mpaka kaburini. Akamwona mama wa wifi yake, yaani Mama, kakonda vizuri, kaacha vidonge. Akatoa hesabu ambayo hata mimi nisingeilaumu kama ningejua machache: bibi mtu mzima kapona kwa chakula, mtoto mwenye mwili mbichi atashindwaje? Aliuliza kwenye kundi. Mwalimu akajibu kwa sauti iliyorekodiwa kwamba kwa watoto lishe hufanya kazi haraka zaidi. Hakuuliza ni aina gani.

Siku za kwanza ilionekana kweli inafanya kazi, na hapa ndipo penye mtego ambao ningependa kila mzazi wa mtoto wa aina hii aujue. Aina ya kwanza inapogunduliwa, mara nyingi kongosho huwa bado lina chembe chache zilizo hai. Mtoto akianza insulini, chembe hizo zinapata ahueni na kuanza kutoa insulini kidogo tena. Mahitaji ya sindano hushuka, wakati mwingine yanakaribia sifuri. Kipindi hicho hudumu wiki kadhaa, miezi, kwa wengine hata kukaribia mwaka, kisha chembe zilizobaki nazo huuawa. Mpwa wangu alikuwa katikati ya kipindi hicho. Kliniki ilishampunguzia uniti mara mbili. Kwa hiyo shangazi alipomwondolea ugali na wali, akaruka sindano ya jioni, kisha ya asubuhi, mashine ilisoma 6, ikasoma 7. Nani asingeamini? Picha ya mashine ilitumwa kundini na watu wakamwaga alhamdulillah.

Kisha ikasoma 11. Ikasoma 15. Shangazi akauliza, akajibiwa kuwa ni sumu inatoka, aongeze maji ya bamia.

Hapa watu wengi huniuliza: mtoto hali ugali, hali wali, hali hata tunda, sukari inatoka wapi? Inatoka kwenye ini lake mwenyewe. Kwa Mama ini linaisikia insulini kwa shida. Kwa mtoto, insulini ya kusikilizwa haipo. Ini linatengeneza sukari usiku na mchana, na misuli haiwezi kuichukua, kwa hiyo inarundikana kwenye damu na kumwagika na mkojo pamoja na maji ya mwili. Misuli ikikosa chakula, mwili unaanza kuvunja mafuta yake kwa fujo, na mabaki yake, ketoni, yanaigeuza damu kuwa tindikali. Mtoto mwembamba hana mafuta ya ziada kwenye ini ya kupunguza. Lishe ile haikuwa na kitu cha kurekebisha kwake. Angeweza kulishwa majani matupu mwezi mzima na bado asingepata uniti moja ya insulini.

Alianza kulalamika tumbo. Akatapika. Shangazi alidhani ni parachichi, baadaye malaria, na jioni akaona anahema kwa nguvu na haraka kama mtu aliyekimbia, ilhali amelala. Pumzi ilikuwa na harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Alipopima, mashine haikutoa namba, iliandika HI. Yeye, kwa kuwa haikuwa namba kubwa, hakushtuka. Mashine nyingi huandika hivyo sukari inapozidi 33, yaani imepita mahali inapoweza kuhesabu. Bahati njema alimpigia dada yangu kuuliza maana yake, na dada akapiga kelele kwenye simu mpaka mume wa shangazi akaenda kutafuta gari.

Hospitali walimpima mkojo, ketoni zikaonyesha alama tatu za jumlisha. Nilifika usiku huohuo. Niliyoyaona hayakuwa ya kushangaza kwa macho: dripu ya maji ya chumvi, insulini inayoingizwa polepole, na baadaye potasiamu, kwa sababu insulini inaposukuma sukari ndani ya chembe inaondoka na potasiamu ya damu, na hiyo ikishuka moyo unaweza kusimama. Muuguzi alipima kila saa. Nilimuuliza kwa nini hawamshushi sukari haraka ili apate nafuu. Akanieleza kwamba kwa watoto haraka hiyo inaweza kuvimbisha ubongo, na wengi wanaopotea katika hali hii hupotea hivyo. Alfajiri ya pili mtoto aliomba uji.

Daktari wa zamu hakumgombeza shangazi. Alimketisha, akampa kisa cha kweli ambacho baadaye nimekisimulia mara nyingi. Miaka mia na kidogo iliyopita insulini ilikuwa haijagunduliwa, na tiba ya watoto kama huyu ilikuwa lishe tu. Daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, aliwapa wagonjwa chakula kidogo mno, wanga ukiwa karibu hakuna, na kweli waliishi muda mrefu kidogo kuliko wasiofanya hivyo, wakiwa mifupa mitupu. Mwaka 1922 huko Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa kwenye lishe ya namna hiyo na kubaki na kilo zisizofika 30, alichomwa insulini. Sindano ya kwanza, ya Januari 11, haikusaidia sana kwa kuwa dawa haikuwa safi. Waliisafisha, wakamchoma tena Januari 23, na sukari ikashuka, ketoni zikapotea. Aliishi miaka mingine 13. "Kwa hiyo, mama yangu," akamwambia shangazi, "lishe peke yake tulishaijaribu kwa watoto hawa, tena na madaktari mabingwa. Tunajua inaishia wapi."

Shangazi alilia. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kundi lile: kama ni hivyo, mtoto ale nini? Akajibiwa kwamba ale chakula cha nyumbani, ugali umo, kwa kiasi kinachojulikana, na insulini ilingane na chakula. Akicheza mpira, apunguziwe insulini au aongezewe kitafunwa. Sukari ikishuka chini ya 4, akitoka jasho na kutetemeka, apewe sukari upesi: nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya robo saa. Shangazi alirudia sauti ya chini, "Sukari? Apewe sukari?" Ndiyo, wakati huo ndiyo dawa yake. Huko Korogwe walikuwa wameificha yote.

Kipindi cha ahueni kimeshakwisha sasa. Uniti zake kwa siku ni zaidi ya maradufu ya zile alizokuwa akichomwa kabla ya likizo ile, na si kwa sababu insulini imemzoesha; chembe zilizobaki zimekufa na mwili umekua. Yule jirani wa kikombe aliridhika, nadhani, baada ya kuona miaka inapita na hakuna mwingine aliyeugua humu ndani, ingawa kwa nini asiridhike na maelezo sijui.

Mama naye. Alikaa bila vidonge karibu mwaka na nusu. Baada ya msiba wa mdogo wake na arobaini iliyofuata, vyakula vya matanga vikamrudishia kilo kama tano, na HbA1c ikapanda hadi 6.9. Daktari akamrudisha kwenye metformini, kidonge kimoja jioni, na donge la ngumi likaendelea. Hakuona aibu yoyote. Kwenye kundi bado walikuwa wakitumia picha yake kuuzia pakiti, kwa hiyo akaomba nimshikie simu arekodi. Alisalimia wote kwa heshima, akasema chakula kimemsaidia sana na anamshukuru aliyemwingiza, kisha akasoma namba yake ya HbA1c, akataja kidonge chake, akataja mjukuu wake na dripu, na kumwomba mwalimu awe anauliza aina kabla ya kutoa ushauri.

Aliondolewa kundini kabla ya magharibi. Picha yake waliibakisha.